Jinsi ya kupanga dei ya gengi lako ukichukuliwa na mkandarasi hapa Dar: vifaa, siku za kukaa na usimamizi

Kila wiki napigiwa simu na fundi ambaye juzi tu alikuwa anajenga mwenyewe na msaidizi wake mmoja, sasa hivi mkandarasi kamwambia "niletee watu tisa Jumatatu, nipe bei yako ya siku", na yeye swali lake ni lile lile, niseme ngapi? Nikimuuliza amepigaje hesabu ananiambia amejumlisha hela za mafundi na saidia fundi akaweka elfu ishirini juu ya kwake. Wiki ya pili huyo huyo ananipigia tena, safari hii anatafuta mkopo wa kulipa vijana. Sasa nimechoka kueleza kwa simu mpaka salio linaisha, naandika hapa moja kwa moja.

Huu mwongozo ni wa wewe unayepeleka watu tu. Simenti, mchanga, tofali, maji, mikisa na skafoldi ni za mkandarasi, wewe unaleta mikono na vifaa vya mkono. Na unalipwa kwa siku, sio kwa tofali wala kwa mita. Kama kazi ni ukuta ulionyooka na tofali zimeshapangwa saiti, kiukweli piga bei ya kazi yote utapata zaidi. Dei inafaa pale ambapo spidi haiko mikononi mwako, yaani ramani inabadilika kila siku, leo linta kesho plasta keshokutwa mnahamisha mchanga, au mnasubiria wenzenu wa nondo wamalize ndo muingie.

Mfano wangu ni gengi la waashi: mafundi wanne, saidia fundi watano na msimamizi mmoja, kwenye ghorofa dogo huko Goba. Hela nitakazotaja ni za mfano huo, wewe weka za kwako, bei za Mbagala na za Masaki hazifanani na mwaka huu na mwaka jana hazifanani. Cha kushika ni mpangilio wa hesabu.

Kabla hujataja bei, uwe na hivi

Kwanza majina ya watu wako halisi na dei ya kila mmoja aliyokubali kwa mdomo wake, sio unayodhani atakubali. Pili orodha ya vifaa ulivyonavyo na bei uliyonunulia. Tatu kaunta buku, lile gumu, sio karatasi. Nne TIN, kwa sababu ofisi ya mkandarasi ikiwa inafuata utaratibu itakukata kodi ya zuio asilimia 5 kwenye malipo ya huduma, na bila TIN huwezi hata kudai kithibitisho cha hiyo kodi. Tano nenda saiti uione kwa macho yako. Uangalie gari la mchanga linafika mpaka ndani au linamwaga barabarani, maji yako wapi, na vifaa vitalala wapi usiku. Nimewahi kukubali bei kwa simu alafu nikakuta tofali zimeshushwa chini ya mlima na nyumba iko juu, saidia fundi wawili kazi yao siku nzima ikawa toroli tu.

Hatua ya 1: Jumlisha dei za watu

Hii ndo rahisi, kila mtu anaijua. Mafundi wanne kwa 35,000 ni 140,000. Saidia fundi watano kwa 18,000 ni 90,000. Jumla 230,000.

Hapo hapo malizana na suala la chakula na nauli. Mimi dei yangu ina kila kitu ndani, mtu anajilipia daladala na anakula kwa mama ntilie kwa hela yake. Kuna wakandarasi wanasema wao watatoa chakula kwa hiyo ushushe dei, usikubali mpaka ukione hicho chakula kinakuja saa ngapi, manake ubwabwa ukifika saa 9 umeshapoteza masaa mawili ya vijana kunung'unika.

Alafu masaa. Sema siku yako inaanza lini na inaisha lini. Mimi naanza saa 2 asubuhi, mapumziko ya lisaa limoja, tunafunga saa 11 jioni, yaani masaa 8 ya kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema masaa ya kawaida yasizidi 45 kwa wiki, na masaa ya ziada yalipwe mara moja na nusu. Ukipiga masaa 8 Jumatatu mpaka Ijumaa ni 40, yanabaki 5 ya Jumamosi, ndo maana mimi Jumamosi nafunga saa 7 mchana na bado naihesabu dei kamili. Nalisema hilo siku ya kwanza kabisa. Bosi akitaka Jumamosi nzima anapata, ila yale masaa matatu yana bei yake, nitaionyesha chini.

Hatua ya 2: Weka vifaa ndani ya siku

Hapa ndo watu wengi wanaliwa bila kujua. Toroli ulilonunua mwaka jana unaliona kama la bure kwa sababu hela ilishatoka, mpaka siku rimu linapinda na unaingia dukani upya. Toroli linaisha kila siku linapobeba zege, kwa hiyo kila siku lichangie toroli lijalo.

Gawa vifaa mafungu manne.

Fungu la kwanza ni vya kudumu. Kwangu ni toroli mbili (200,000), mapipa mawili ya maji (80,000), pimamaji mbili (60,000) na ruli mbili za aluminiamu (60,000). Jumla 400,000. Kwa mikono ya vijana wangu hivi vinakaa kama siku 160 za kazi. Siku za kazi lakini, sio za kalenda. 400,000 gawa kwa 160 ni 2,500 kwa siku.

Fungu la pili ni vinavyoisha haraka: machepe manne, makarai sita, ndoo sita. Vyote 120,000, na mimi nahesabu siku 40. Utasema chepe linakaa zaidi ya siku 40, ni kweli likiwa kwako nyumbani. Saiti yenye magenge matatu chepe halivunjiki, linahama. Saa 4 liko kwako, saa 8 unaliona kwa watu wa nondo limepakwa rangi nyekundu kwenye mpini na mtu anakuapia ni la kwake toka Dodoma. 120,000 gawa kwa 40 ni 3,000 kwa siku.

Fungu la tatu ni vidogo vidogo, kamba, misumari, brashi, glovsi, pancha za toroli. Naweka 2,000 kwa siku na kwa kweli mara nyingi haitoshi.

Fungu la nne ni kirikuu cha kupeleka vifaa na kuvirudisha. Kwangu ilikuwa 50,000 kwenda na kurudi, kazi ilikuwa ya siku 20, kwa hiyo 2,500 kwa siku.

Jumla ya vifaa ni 10,000 kwa siku. Mwiko, timazi na nyundo ni vya fundi mwenyewe, kwangu fundi asiye na mwiko wake siyo fundi.

Angalizo: vifaa vikubwa visiingie kwenye dei yako hata kimoja. Mikisa, vaibreta, skafoldi, mirunda, mbao za fomweki, na mafuta ya mashine, vyote kwa mkandarasi na viandikwe hivyo. Ukisikia "fundi we njoo tu na mikisa ya jamaa yako tutaelewana", hiyo ni kazi nyingine kabisa na ina bei nyingine. Helmeti, buti na rifleta pia muulize mapema, kwa sababu watu wa OSHA wakija saiti wanamhoji yeye, ila vijana watakaotolewa getini bila kufanya kazi ni wako.

Hatua ya 3: Lipia usimamizi kama kazi

Swali linalokuja sana ni "mimi si nipo tu pale, nijilipe kwa kitu gani?" Haya, angalia siku ya msimamizi. Saa 1 na nusu yuko saiti anahesabu watu, fundi mmoja hajafika anapiga simu. Saa 2 anapokea maelekezo kwa foremani wa mkandarasi. Anavuta kamba, anapima kona, anapanga nani na nani. Saa 4 kozi ya tatu imetoka nje ya timazi anaibomoa kabla haijakauka. Saa 6 simenti imebaki mifuko sita anamkimbilia stoo kipa. Jioni anahesabu vifaa na kuandika daftari. Huyo mtu hajashika mwiko, na ukimwambia ashike mwiko siku nzima vyote hivyo havifanyiki, kesho yake mnabomoa ukuta.

Kanuni yangu: gengi la watu watano kushuka chini, kiongozi anajenga kama fundi na anaongezewa 10,000 juu ya dei yake. Gengi likifika tisa hivi, kiongozi atoke kwenye mwiko kabisa na alipwe zaidi ya fundi. Kwangu ni 50,000. Ukimlipa 35,000 sawa na mafundi atarudi kujenga kwa mwingine asiye na maneno mengi.

Jambo la pili la usimamizi ni nani anamwamuru nani. Saiti ya Dar ina mabosi watatu, injinia anakuja Jumanne na Ijumaa, foremani yupo kila siku, na mwenye nyumba anapita jioni na familia. Mwenye nyumba anamwambia fundi wako "hili dirisha lisogeze kidogo", fundi kwa heshima anasogeza, Ijumaa injinia anafoka. Nani analipia siku ya kubomoa? Mkubaliane hivi kabla: maelekezo yanatoka kwa mtu mmoja wa mkandarasi na yanapita kwa msimamizi wako tu. Tukikosea sisi kipimo tunarudia kwa gharama yetu. Ramani au mawazo yakibadilika, kubomoa ni dei kama dei nyingine. Mwambie kila fundi jibu la kumpa mwenye nyumba: "Sawa mzee, ngoja nimuite kiongozi wetu."

Hatua ya 4: Tenganisha siku za kukaa

Hii ndo hatua iliyonifanya niandike haya yote. Miaka michache nyuma nilikuwa na gengi saiti moja upande wa Tegeta, mwezi wa nne, masika imekolea. Jumatatu tumefika wote, simenti hamna. Foremani anasema gari liko njiani. Vijana wamekaa juu ya tofali, wengine wamelala kwenye kivuli cha ngazi, mmoja anacheza drafti kwa vizibo na mlinzi. Saa 8 mchana gari halijaja, tukaambiwa turudi kesho. Jioni nampigia bosi ananijibu "sasa fundi, hamjafanya kazi, nilipe nini?" Na kweli hatukuwa tumeandikiana chochote. Vijana mimi ndo niliowatoa kwao saa 11 alfajiri, nikawalipa mfukoni.

Siku za kukaa ziko za aina tatu na kila moja ina mwenyewe.

Ya kwanza ni yetu. Fundi kaumwa, kuna msiba, kijana hajaja. Mkandarasi halipi, unapunguza dei ya aliyekosekana. Usibishane hapa, ukiwa mkweli hapa utaaminiwa kwenye zile nyingine.

Ya pili ni ya mvua. Mimi naigawa: mvua ikizuia kuanza kabisa, mkandarasi halipi, nawapa waliofika 5,000 kila mmoja ya nauli na chai. Kazi ikianza alafu ikakatishwa kabla ya saa 7 mchana, nusu dei. Ikikatishwa baada ya saa 7, dei nzima. Ile 5,000 sasa inatoka wapi? Inatoka ndani ya bei. Watu tisa ni 45,000 kwa siku ya mvua, kwa kazi ya siku 20 nilikadiria siku mbili, yaani 90,000, gawa kwa 20 ni 4,500 kwa siku. Ni kadirio la nje ya msimu. Kama kazi yako inaangukia mwezi wa tatu mpaka wa tano weka siku nyingi zaidi, na vuli ya mwezi wa kumi mpaka wa kumi na mbili usiisahau.

Ya tatu ni ya mkandarasi. Simenti haijaja, mikisa imekufa, injinia hajaja kukagua nondo, manispaa wameweka X. Hii usiiweke ndani ya dei hata kidogo. Ukiiweka ndani bei yako itakuwa kubwa utanyimwa kazi, alafu yeye atakukalisha anavyotaka kwa sababu haimuumi. Iweke pembeni na bei yake yenyewe, ataiona kila anapochelewesha gari.

Bei ya kukaa inapatikanaje? Kosa la kawaida ni kusema "nusu dei" ukaishia hapo. Watu unaweza kuwapa nusu, yaani 115,000. Lakini msimamizi siku hiyo yuko pale pale anafuatilia na kulinda vifaa, 50,000 yake iko nzima. Vifaa vya kudumu vimefungiwa saiti huwezi kuvipeleka pengine, 2,500. Jumla 167,500, na ukiweka ile kodi ya asilimia 5 inafika kama 176,500. Faida sijaweka, sitaki aone nafurahia kukaa.

Na masharti yake: akinijulisha kabla ya saa 12 jioni ya siku iliyotangulia, siku ya kwanza halipi, vijana wanatafuta deiwaka kwingine. Ila akitaka niwashike wasiondoke, kuanzia siku ya pili analipa bei ya kukaa. Tukishafika saiti tukaachiwa kabla ya saa 7 mchana, bei ya kukaa. Tukikalishwa kupita saa 7, dei nzima, maana siku ya mtu imeshaisha hiyo.

Hatua ya 5: Funga hesabu

Watu 230,000, msimamizi 50,000, vifaa 10,000, akiba ya mvua 4,500. Jumla 294,500. Ongeza asilimia 10 ya faida na hatari, kwa sababu wewe ndo utawalipa vijana Jumamosi wakati mkandarasi anakulipa Jumatano ijayo "hundi ikisainiwa". Hiyo ni 29,450, tunafika 323,950. Sasa kodi ya zuio: usizidishe kwa asilimia 5, gawa kwa 0.95, kwa sababu wao wanakata kwenye ile jumla ya juu. Inatoka 341,000.

Hiyo ndo dei ya gengi, 341,000. Mimi mezani natamka 350,000 nikijua tutashuka. Chini ya 341,000 siendi, nikilazimika kushusha natoa mtu mmoja au kifaa kimoja, sishushi namba ikaning'inia hewani. Kama anakutaka wewe kama kibarua wa kawaida na hakati hiyo kodi, basi bei yako ni ile 323,950 na useme hivyo.

Masaa ya ziada: dei za watu na msimamizi ni 280,000 kwa masaa 8, yaani 35,000 kwa saa, mara moja na nusu ni 52,500. Jumamosi masaa matatu ni 157,500, ukigawa kwa 0.95 inakuwa kama 166,000. Mara nyingi bosi akiiona hiyo namba anagundua Jumamosi haikuwa na haraka sana.

Hatua ya 6: Andika, hata ukurasa mmoja

Mkataba wa wakili sio lazima. Andika ujumbe wa watsap mmoja, wenye mambo haya tu: watu wangapi, dei ngapi, masaa, vifaa vya nani, bei ya kukaa na masharti yake, mvua, nani anatoa maelekezo, na siku ya malipo. Mwombe ajibu "nimekubali". Asipojibu usipeleke watu, maneno ya "fundi tunaaminiana" yana mwisho wake.

Alafu kaunta buku. Kila siku mstari mmoja: tarehe, waliofika, kuanza, kumaliza, kazi iliyofanyika, na kama mmekaa sababu ni nini na kuanzia saa ngapi. Foremani asaini jioni ile ile. Akisaini Ijumaa kwa wiki nzima atakuwa amesahau Jumatano. Kila ukurasa ukisainiwa piga picha, mimi daftari langu la kwanza lililoa kwenye mfuko wa salfeti na wino wote ukawa bluu moja.

Hatua ya 7: Peleka bili kila wiki

Angalia wiki moja ya kweli ya ile kazi ya Goba. Jumatatu na Jumanne tumefanya kazi kamili. Jumatano simenti haikuja, tukaachiwa saa 4. Alhamisi kamili. Ijumaa mvua ilitukata saa 6 mchana. Jumamosi kamili mpaka saa 7.

Bili: dei nne kwa 341,000 ni 1,364,000. Siku ya kukaa 176,500. Nusu dei ya Ijumaa 170,500. Jumla 1,711,000. Wakakata asilimia 5, yaani 85,550, mkononi ikaja 1,625,450.

Nikalipa vijana siku nne kamili 920,000, Jumatano nusu 115,000, Ijumaa nusu 115,000. Msimamizi siku tano kamili na nusu ya Ijumaa, 275,000. Jumla 1,425,000. Ikabaki 200,450, humo nikatoa 60,000 ya vifaa nikaiweka kwenye kibubu chake, iliyobaki ndo akiba ya mvua na faida.

Sasa chukua wiki hiyo hiyo kwa fundi aliyeongea dei tu bila siku za kukaa wala za mvua. Analipwa siku nne, 1,364,000 toa kodi ni 1,295,800. Vijana na msimamizi wanadai 1,425,000 ile ile. Amepoteza 129,200, na hata chepe moja hajanunua.

Yanapoharibika

*Bosi anasema watu wako wanajivuta.* Hii ndo hofu kubwa ya kila anayelipa kwa dei na ana haki. Mpe kipimo chenye masharti. Mimi nasema fundi wangu anapandisha tofali 100 mpaka 120 za inchi 6 kwa siku kwenye ukuta ulionyooka, zege la kujengea likiwa tayari na tofali ziko ndani ya hatua kumi. Kwenye kona nyingi, juu ya skafoldi, au tofali zikiwa barabarani, kipimo hicho hakipo. Akilalamika fungueni daftari muangalie siku hiyo mlikuwa mnafanya nini.

*Foremani hataki kusaini siku ya kukaa.* Anaogopa ataulizwa yeye kwa nini hakuagiza simenti. Usigombane naye, tuma ujumbe kwa mkandarasi saa hiyo hiyo, sio jioni: "Habari bosi, tumefika watu 10 saa 2, simenti hamna, tunasubiri maelekezo yako." Na picha ya stoo tupu. Muda wa kwenye simu unatosha kuwa saini.

*Bosi anachukua mafundi wako wawili kwenda saiti yake nyingine.* Waende, ila dei ya gengi haipungui, wewe bado una msimamizi na vifaa vile vile pale. Kama ni zaidi ya siku mbili kaeni chini mpange upya.

*Malipo yamechelewa wiki ya pili.* Hapa kuwa mgumu. Mimi kiwango changu ni wiki moja, Jumatatu inayofuata nisipoona kitu napeleka watu nusu, Jumatano sipeleki. Ukikaa mpaka wiki ya nne hela yako imeshakuwa kubwa kuliko hofu yake ya kukupoteza.

*Kijana kaumia.* Hospitali kwanza. Alafu mjulishe mkandarasi kwa maandishi siku hiyo hiyo. Fidia ya ajali kazini iko chini ya WCF na mwajiri ndo anachangia na kutoa taarifa, kwa hiyo lile swali la vijana wako wako chini ya jina la nani uliulize siku ya kuandika makubaliano, jina la kila mmoja kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA. Kijana mnayemuita "Mchina" au "Babu Tale" toka mwaka juzi, siku hiyo ndo mnagundua hakuna anayejua jina lake.

*Umeshakubali bei mbaya tayari.* Maliza wiki uliyoanza. Jumamosi wakati wa kulipana mpelekee hesabu za siku za kukaa zilivyokuwa, mwambie kuanzia Jumatatu bei ya kukaa ni hii. Usiguse dei yenyewe katikati ya kazi, atakuona kigeugeu, lakini siku za kukaa wengi wanakubali wakishaona kwenye daftari ni ngapi.